Barua ya Kufunga Shule, Maji Yanaposhuka Mabogini

Mabogini mvua inaweza isinyeshe kabisa na mafuriko yakaja. Kata hii ya Wilaya ya Moshi iko bondeni, kusini mwa mji wa Moshi, kwenye tambarare inayoendelea hadi mashamba ya miwa ya Arusha Chini. Juu yake kuna Kibosho na Old Moshi, na juu zaidi msitu wa Kilimanjaro. Masika yakimwaga usiku kucha huko mlimani, mto Rau hujaa kabla ya alfajiri. Mtoto wa tambarare huamka chini ya anga safi, akavaa sare, akafika kwenye mfereji anaouvuka kila siku na kukuta maji yamefunika kivuko. Mifereji yenyewe ni ya skimu ya umwagiliaji ya Moshi Chini, iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987. Ndiyo iliyoifanya Mabogini kuwa nchi ya mpunga, lakini mto ukifurika, mfereji huohuo huyapitisha maji mpaka mlangoni mwa watu.

Katika hali hiyo mkuu wa shule ya sekondari ya kutwa hukaa mezani kuandika barua. Nataka kuichambua barua hiyo, kwa sababu nadhani hatuipi uzito unaostahili. Tumezoea kuiona kama taarifa: shule imefungwa, itafunguliwa tarehe fulani, wazazi wasimamie watoto. Shule ikifungwa kwa mafuriko ya kata moja, hata hivyo, barua hiyo hulazimika kufanya kazi ambayo taifa zima liliwahi kujigawia.

Turudi mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, msafiri aliyeingilia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule zote, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Siku hizo zilipokaribia kwisha, muda ukaongezwa bila kutajwa tarehe ya mwisho. Kidato cha sita na vyuo walirudi tarehe 1 Juni, wengine wote tarehe 29 Juni. Ni zaidi ya siku 100 kwa kalenda. Lakini katika siku hizo nchi nzima ilisimama pamoja. Vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye televisheni, na kalenda na mitihani ya taifa ikasogezwa. Mwanafunzi wa Mabogini hakuachwa nyuma na mwenzake wa Mwanza, maana wote walikuwa nyumbani.

Mafuriko ya kata hayana neema hiyo. Katika masika ya 2024, yaliyozidishwa na El Ninyo, Waziri Mkuu aliliambia Bunge tarehe 25 Aprili kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini na watu kama 200,000 wameathirika. Pamoja na ukubwa wote huo, sehemu kubwa ya nchi iliendelea na masomo. Baraza la Mitihani halisogezi upimaji wa kidato cha pili kwa sababu mto Rau umefurika. Redio haitatunga kipindi kwa ajili ya vitongoji vinne. Kwa majuma mawili ambayo shule yake inaweza kufungwa, mtoto wa tambarare anashindana na wenzake walio darasani, na kinachomuunganisha na shule ni karatasi moja yenye mhuri. Ndiyo maana nasema barua hiyo ni sehemu ya kazi ya kufundisha.

Jambo la kwanza ambalo mzazi anataka kulijua ni nani amefunga na kwa mamlaka gani. Mkuu wa shule anaweza, na anapaswa, kuwarudisha watoto nyumbani siku hiyohiyo akiona hatari. Kubadili kalenda si kazi yake. Kalenda hutoka wizarani, na taarifa ya dharura hupanda kupitia kwa Afisa Elimu Kata hadi kwa Afisa Elimu Sekondari na Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, wakati upande wa maafa unasimamiwa na kamati ya wilaya chini ya Mkuu wa Wilaya. Barua ikisema tu "uongozi wa shule umeamua", mzazi mwenye akili atajiuliza kama mwalimu amejipa likizo. Ikisema nani ameidhinisha na lini, swali hilo linakwisha kwa sentensi moja.

Hapo kuna kosa la saa ambalo majirani zetu walitufundisha kwa gharama kubwa. Kenya shule zilikuwa zifunguliwe kwa muhula wa pili Jumatatu tarehe 29 Aprili 2024. Mafuriko yalikuwa yameshatanda kwa siku nyingi, lakini tangazo la kuahirisha lilitoka usiku wa kuamkia siku hiyohiyo, wakati wanafunzi wengi wa bweni walikuwa wameshasafiri. Ufunguzi ulisogezwa juma moja, kisha tarehe 3 Mei ukaahirishwa bila kikomo, kisha ukapangwa kuwa tarehe 13 Mei, na safari hiyo ukashika. Ukihesabu, familia moja ingeweza kulipa nauli mara tatu. Uamuzi wenyewe haukuwa na ubaya. Ila ulimkuta mtoto akiwa kituo cha basi.

Sasa tarehe. Barua nyingi hutaja siku ya kufungua kana kwamba maji yamesaini mkataba. Mkuu wa shule hajui maji yatapungua lini, lakini kuna kitu anachoweza kukijua kwa hakika: siku atakayoamua. Kwa hiyo barua nzuri inataja tarehe mbili. Ya kwanza ni ya matarajio: tunakusudia kufungua Jumatatu tarehe 19. Ya pili ni ya uamuzi: Alhamisi tarehe 15, saa kumi jioni, mtapata neno la mwisho, liwe la kufungua au la kuongeza muda. Tarehe ya pili ndiyo inayomtuliza mzazi, kwa sababu inamwondolea kazi ya kupiga simu kila asubuhi. Anayekodi jaruba na kutafuta vibarua anataka kujua lini atajua, hata kama jibu lenyewe bado.

Na uamuzi huo utategemea nini? Aseme. Mzazi wa tambarare anajua kusoma maji kuliko mwalimu aliyehamishiwa hapo mwaka jana, hivyo asifichwe vigezo. Vivuko viwe vinapitika bila mtoto kulowa kupita kifundo cha mguu. Vyoo vya shimo vikaguliwe na bwana afya, kwa sababu shimo lililojaa maji ya mafuriko hutapika kilichomo, na uchafu huo ukifika kisimani kinachoweza kufuata ni kipindupindu. Chanzo cha maji ya kunywa kitiwe dawa. Kuta zitazamwe nyufa hata baada ya kukauka, maana ukuta uliolowa unaweza kuanguka unapokauka. Vigezo hivi vinaweza kukaa katika sentensi mbili, na vikiwapo, barua ya kuongeza muda haitasomwa kama ahadi iliyovunjwa.

Nikifika kwenye lugha nitakuwa mkali kidogo. Barua ya kiserikali huanza na kumbukumbu namba, kisha "Ndugu Mzazi/Mlezi", kisha "Yah", kisha sentensi ile isiyokufa: tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mzazi ameshahusika, maji yako sebuleni kwake. Sipingi kumbukumbu namba wala mhuri, kwani ndivyo vinavyoitofautisha barua ya kweli na ujumbe wa kughushi unaozagaa kwenye makundi ya simu. Napinga barua inayotumia aya nzima kabla ya kumwambia mtu mtoto abaki nyumbani. Neno hilo liwe mstari wa kwanza.

Zaidi ya hapo, tujiulize nani anaisoma. Watoto wengi wa pande hizi hulelewa na bibi, wazazi wakiwa mjini au wamehamia kwingine kutafuta. Bibi ambaye macho yake hayashiki tena herufi ndogo humpa mjukuu amsomee. Yaani barua inayosema mwanafunzi afanye maswali kumi kila siku inasomwa kwa sauti na mwanafunzi mwenyewe, na sijui ni mtoto gani wa miaka 15 ambaye hajawahi kuruka mstari. Kwa hiyo mambo makuu matatu, yaani tarehe, mahali pa kuchukua kazi na siku ya kuirudisha, yatangazwe pia na mwenyekiti wa kitongoji, kanisani na msikitini. Bodaboda mwenye kipaza sauti akipewa lita moja ya mafuta atafika mahali ambapo karatasi haitafika.

Tuje kwenye kiini: masomo yanaendeleaje. Hapa ndipo barua nyingi huandika sentensi moja isiyo na mikono wala miguu, kwamba wanafunzi wataendelea kujisomea nyumbani kwa kufuata maelekezo ya walimu. Tufanye hesabu ya shule ya mfano. Ina wanafunzi 330, na kidato cha pili kina wanafunzi 84. Kwa siku kuna vipindi tisa vya dakika 40, yaani saa sita. Ikifungwa kwa siku 10 za masomo, vipindi 90 vimepotea, sawa na saa 60.

Barua ya haraka itaahidi kufidia muda wote uliopotea. Mkuu wa shule akiongeza saa moja kila jioni atahitaji siku 60 za masomo, yaani majuma 12, muhula wote uliobaki na pengine zaidi. Akiongeza saa mbili, atahitaji majuma sita, na binti anayetembea kilomita tano atafika nyumbani giza likiingia. Jumamosi za saa nne ni 15. Hakuna mzazi atakayekaa na kalamu kuhesabu hivi, lakini mkuu wa shule anapaswa kuhesabu kabla ya kuahidi. Asiahidi saa, aahidi mada. Kila mwalimu aseme ni mada ipi kati ya zilizopangwa kwa majuma hayo mawili ambayo bila hiyo mada zinazofuata hazifunguki. Mara nyingi utakuta Hisabati ina moja au mbili za namna hiyo, na masomo mengine yana sehemu zinazoweza kusubiri au kufupishwa. Hizo za lazima ndizo zinazopewa saa za jioni, na saa mbili kwa juma zinaweza kutosha.

Wakati wa kufungwa kwenyewe, njia ipi? Watu wa mjini watasema kundi la WhatsApp. Kundi ni jema kwa kupitisha tangazo, lakini simu janja moja ya nyumba huondoka na baba asubuhi, na umeme ndio kitu cha kwanza kukatika nguzo ikilala. Mwalimu akituma picha 12 za daftari, mwenye kifurushi cha siku atafungua mbili. Mimi ningeanza na kitu ambacho shule tayari inacho na husahaulika kwa sababu kimefungiwa: vitabu vya kiada. Shule nyingi huviweka stoo ili visipotee. Siku ya kufunga, kabla funguo hazijaondoka na mtunza stoo, vigawiwe. Havitatosha kila mtoto kitabu chake, basi vigawiwe kwa ujirani: watoto watatu wa kitongoji kimoja na kitabu kimoja cha Hisabati, mmoja wao akisaini, na kitabu kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa. Barua imwambie mzazi kitabu kiko kwa mtoto wa nani. Kuna watakaosema vitabu vitaloa. Vichache vitaloa kweli. Lakini kitabu kilichobaki kikavu stoo kwa majuma mawili hakikumsaidia mtu, na stoo nazo huingia maji.

Kitabu kikishafika nyumbani, karatasi haihitaji kubeba somo zima, inabeba maswali tu, na hapo hesabu ya karatasi inabadilika. Kila mwanafunzi akipewa karatasi moja kwa kila somo, kwa masomo manne tu, kidato cha pili peke yake kinakula karatasi 336 kwa awamu moja, na shule nzima 1,320. Hakuna mkuu wa shule wa kutwa mwenye rimu tatu za ziada na wino wa kurudufu katikati ya maafa. Akichagua masomo mawili, Hisabati upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, shule nzima inahitaji karatasi 330 kwa awamu, 660 kwa awamu mbili. Hiyo ni rimu moja na theluthi, kitu cha kununulika. Hisabati kwa sababu mada zake zimefungamana kama mnyororo. Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ya kufundishia sekondari, na mtoto akikaa majuma mawili bila kuisoma, anaporudi Baiolojia nayo imekuwa ngumu. Walimu wa masomo mengine watanung'unika, na wana haki. Kwao kuna kurasa za kusoma, zilizotajwa kwa namba.

Suala hilo la lugha linagusa pia kile tunachomwomba mzazi. Barua husema wazazi wawasaidie watoto masomo. Vipi, ikiwa kitabu ni cha Kiingereza na mama alimaliza darasa la saba miaka 20 iliyopita? Tunamfanya ajisikie mjinga nyumbani kwake. Mwombe kitu anachokiweza: saa moja ya utulivu kila siku, saa iliyotajwa, na baada yake mtoto amweleze kwa Kiswahili alichosoma. Mama hahitaji kujua jibu la kipeuo cha pili ili atambue kwamba mtoto anababaisha. Wazazi wana sikio kali kwa kubabaisha.

Kuna jambo ambalo shule huona aibu kulitaja, nalo ni shamba. Shule ikifungwa mpunga ukiwa unaanza kujaza punje, mtoto anatumwa kuamia ndege, tangu alfajiri hadi magharibi, debe mkononi. Mzazi hafanyi ukatili. Kwelea kwelea wanaweza kumaliza jaruba kwa siku chache, na jaruba hilo ndilo sare na daftari. Barua ikijifanya haijui, mzazi ataona imeandikwa na mgeni. Afadhali iseme wazi: akienda shambani, aende na karatasi yake. Ndege wa mpunga hushuka zaidi asubuhi na jioni, hivyo saa za jua kali ndizo za kusoma. Saa sita hadi saa nane mchana, chini ya mti, inatosha.

Kuhusu simu, kuna ushahidi mzuri kutoka Botswana. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa korona, watafiti waliozifikia kaya zaidi ya 4,500 walilinganisha makundi. Kundi moja lilitumiwa ujumbe mfupi wa hesabu kila juma kwenye simu ya kawaida. Jingine lilitumiwa ujumbe uleule, kisha likapigiwa simu ya dakika 15 hadi 20, mzazi akiweka sauti ya juu, mtoto akifanya swali na mwalimu akimsikiliza. Ujumbe peke yake haukuleta tofauti ya kutegemewa. Ujumbe pamoja na simu uliinua hesabu za watoto waziwazi. Kilichofanya kazi ni mtoto kujua kwamba kuna mtu atamsikiliza siku fulani.

Tuipime kwa shule yetu. Wanafunzi 84 mara dakika 20 ni saa 28 kwa juma, na hakuna mwalimu mmoja wa kuziweza. Lakini wakigawiwa walimu saba, kila mmoja ana wanafunzi 12, saa nne kwa juma, dakika 240 za maongezi. Vocha hiyo inaweza kuombwa bodi ya shule. Kwa shule nzima haiwezekani, basi ianze na kidato cha pili na cha nne, na barua iseme hivyo bila kuona haya. Simu zipigwe baada ya saa moja usiku, mwenye simu akiwa amerudi. Asiyepatikana mara mbili anaandikwa kwenye orodha ya mwenyekiti wa kitongoji.

Nimeiandika barua yenyewe kama ambavyo ningependa kuipokea. Tarehe na shule ni za mfano.

"Ndugu Mzazi au Mlezi,

Mtoto wako asije shule kuanzia leo Jumatatu tarehe 5. Vivuko viwili vya njia ya shule vimefunikwa na maji na vyoo vya wavulana vimejaa. Halmashauri imeridhia shule ifungwe kwa siku 10 za masomo, hadi Ijumaa tarehe 16.

Tunakusudia kufungua Jumatatu tarehe 19. Alhamisi tarehe 15 saa kumi jioni tutawapa neno la mwisho kupitia kwa wenyeviti wa vitongoji. Tutafungua ikiwa vivuko vinapitika, bwana afya amekagua vyoo na maji ya kunywa yametiwa dawa. Kimoja kikikosekana tutaongeza siku, na tutawaambia ni kipi.

Karatasi za maswali ya Hisabati na Kiingereza zitapatikana ofisi ya mtendaji wa kijiji Jumatano tarehe 7 na Jumatatu tarehe 12, saa mbili hadi saa sita. Zirudishwe hapohapo: za kwanza Jumatatu tarehe 12, za pili Ijumaa tarehe 16. Kitabu cha Hisabati kiko kwa mwanafunzi ambaye jina lake limeandikwa nyuma ya barua hii. Wasome pamoja, na wakivuka maji waende na mtu mzima.

Tunakuomba saa moja ya kusoma kila siku, na baada yake mtoto akueleze kwa Kiswahili alichosoma. Huhitaji kumfundisha. Kidato cha pili na cha nne watapigiwa simu na mwalimu mara moja kwa juma, baada ya saa moja usiku.

Mchango wa chakula wa siku hizi 10 utahamishiwa mwezi ujao. Ikiwa nyumba yenu imeingia maji, au daftari na sare vimepotea, mwambie mwenyekiti wa kitongoji. Hakuna mwanafunzi atakayerudishwa nyumbani kwa kukosa sare siku ya kufungua.

Mkuu wa Shule"

Ukurasa mmoja. Haimtaki mzazi awe mwalimu, wala haina neno "changamoto". Sentensi ya sare nimeiweka makusudi. Mtoto aliyepoteza viatu kwenye matope hukaa nyumbani juma la tatu kwa aibu, la nne kwa mazoea, na kufikia la tano shule imeshamwandika mtoro.

Barua ya pili, fupi, inatakiwa siku ya kufungua, na hiyo karibu hakuna anayeiandika. Mwezi Oktoba 2005 tetemeko kubwa la ardhi liliharibu shule kaskazini mwa Pakistani, na watoto wa vijiji vilivyokuwa karibu na ufa walikosa masomo kwa wastani wa majuma 14. Watafiti walipowapima miaka minne baadaye, walikuwa nyuma ya wenzao kwa kiasi kikubwa kuliko majuma 14 yanavyoweza kueleza, ingawa shule zilikuwa zimefunguliwa zamani na misaada ilifika. Maelezo yanayoaminika zaidi ni kwamba walimu waliendelea kufundisha kwa mwendo wa silabasi, na mtoto aliyerudi akiwa ameachwa hatua moja akazidi kuachwa kila mwaka. Watoto ambao mama zao walimaliza walau shule ya msingi hawakudhurika hivyo, nami nashuku kwamba nyumbani kulikuwa na mtu wa kugundua kuwa mtoto haelewi.

Kwa siku 10 za Mabogini pengo ni dogo, ila njia yake ni hiyohiyo. Siku mbili za kwanza baada ya kufungua zitumike kupima: maswali matano ya mada ya lazima, bila alama za kutangaza. Lakini upimaji unaweza kuanza hata kabla ya kufungua, kwa karatasi zilizorudishwa, nazo zinasaidia kuliko tunavyodhani. Tuseme kidato cha pili kilipewa karatasi 84 katika awamu ya kwanza, na zilizorudi ni 51. Mwalimu wa kawaida atasahihisha 51 na kuwasifu. Mwenye jicho ataanza na zile 33. Atazipanga kwa vitongoji, na mara nyingi ataona hazikupotea ovyo: 19 ni za upande mmoja wa mto, ambako kivuko kilikatika na ofisi ya mtendaji haikufikika. Hao hawakuwa wavivu, ila barua iliwaelekeza mahali wasipoweza kufika. Kwa awamu ya pili karatasi zao ziende kwa mwenyekiti wa upande wao, au zibandikwe ukutani dukani wanakili. Waliobaki 14 wanatafutwa mmoja mmoja, na huko ndiko utakakomkuta aliyehamishiwa kwa shangazi Kibosho, aliyeko kwenye jaruba tangu alfajiri, na mmoja ambaye karatasi yake alishaimaliza siku ya kwanza, akaianika juani ikauke, mbuzi akaila.